Mmweko wa Tao kwenye Swichibodi: Namba za Kwenye Lebo Zinavyopatikana

Tao la umeme huzuka pale mkondo unapoiacha njia yake ya shaba na kupita hewani, kutoka fezi moja hadi nyingine au kutoka fezi hadi kwenye bati la kabati lililofungwa ethi. Ndani ya swichibodi ya volti 400 huhitajika kitu kidogo tu kulianzisha: spana iliyoponyoka mkononi, panya aliyeingia kupitia tundu la kebo lisilozibwa, lagi iliyolegea ikachemka kwa miezi bila mtu kujua, au vumbi lililolowa unyevu na chumvi ya pwani. Kilicholianzisha huungua mara moja na kupotea, lakini tao hubaki, kwa sababu hewa iliyochemka kiasi hicho imekwisha kugeuka njia ya umeme. Joto lake hufikia karibu nyuzi 20,000 za Selsiasi. Shaba ya karibu hugeuka mvuke, na mvuke huo huchukua nafasi kubwa mara maelfu ya nafasi ya shaba ngumu. Ndiyo maana milango ya kabati hung'oka. Mwanga, joto, kishindo na mvuke huo wa shaba, vyote vikitoka kwa pamoja, ndivyo vinavyoitwa mmweko wa tao.

Mafundi wengi wamefundishwa kuogopa kupigwa shoti, yaani umeme kupita mwilini. Mmweko ni hatari ya namna nyingine, kwa kuwa humuunguza mtu ambaye hakugusa chochote. Mhandisi wa Marekani Ralph Lee ndiye aliyeiweka hatari hii mezani kwa hesabu mwaka 1982, alipoonyesha kwamba joto la tao linaweza kumuunguza vibaya mtu aliyesimama mbali kidogo na shaba yenye umeme. Hesabu za leo zimetokana na njia hiyo, ila milinganyo imebadilika sana. Inayotumika zaidi duniani ni ya mwongozo wa IEEE 1584, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2002 na kuandikwa upya mwaka 2018 baada ya majaribio mengi ya kuwasha tao ndani ya masanduku ya chuma kwenye maabara. Mwongozo huo hutoa hesabu peke yake. Namna ya kuyatumia majibu yake kazini, pamoja na kile kinachopaswa kuandikwa kwenye lebo, viko katika kiwango kingine cha Marekani, NFPA 70E. Nchi nyingi zinazofuata viwango vya IEC, zikiwemo za Afrika Mashariki, hukopa vyote viwili, kwa kuwa IEC ina viwango vya kujenga swichibodi na vya kupima nguo za kinga lakini haina mlinganyo wake wa nishati ya mmweko.

Kinachotafutwa ni namba moja: kiasi cha nishati ya joto kitakachoangukia kila sentimita ya mraba ya mwili wa mtu aliyesimama mahali pake pa kazi tao likizuka. Hupimwa kwa kalori kwa sentimita ya mraba. Kipimo cha kukumbukwa ni kalori 1.2. Hapo ndipo ngozi tupu huanza kupata jeraha la moto la daraja la pili, lile la malengelenge, ambalo kwa kawaida hupona. Kalori 1 kwa sentimita ya mraba ni kama kuweka kidole kwenye ncha ya mwali wa kiberiti cha gesi kwa sekunde moja. Kalori 8 au 40 zinazotua kifuani na usoni kwa wakati huohuo ni jambo jingine kabisa.

Nishati hiyo hutegemea mambo makuu matatu: ukubwa wa mkondo wa tao, muda ambao tao litawaka kabla ya breka au fyuzi kukata, na umbali kati ya tao na mtu. Umbali karibu umekwisha kuamuliwa. Kwa swichibodi kubwa huchukuliwa milimita 610 kutoka kwenye tao hadi usoni na kifuani, na kwa paneli ndogo za ukutani milimita 455, kwa kuwa fundi huzisogelea zaidi. Mikono haihesabiwi, mikono iko karibu zaidi siku zote, na glavu huchaguliwa kwa kulijua hilo. Yanabaki mkondo na muda, na katika hayo mawili muda ndio wenye neno la mwisho.

Mfano ufaao kufuatwa ni wa kiwanda cha kawaida chenye transfoma ya kVA 1,000 inayoshusha umeme kutoka volti 11,000 hadi 400. Kwenye kibao cha transfoma imeandikwa impedansi ya asilimia 5. Transfoma inalisha swichibodi kuu kupitia breka kuu ya ampia 2,000, kubwa kuliko inavyohitajika, kwa sababu mwenye kiwanda alitarajia kupanua. Upande wa volti 11,000 kuna fyuzi. Pembeni ipo jenereta ya kVA 500 yenye breka yake ya ampia 800.

Kazi huanza kwa kukusanya taarifa, na hapa ndipo tathmini nyingi huharibikia. Mchoro wa mfumo uliotundikwa ukutani mara nyingi ni wa siku kiwanda kilipofunguliwa. Mhandisi makini hauamini. Huusoma mwenyewe uso wa transfoma, hupima urefu wa kebo na kuandika unene wake, huwauliza wenye gridi kiwango cha shoti kwenye laini yao, kisha hufungua kifuniko cha plastiki mbele ya kila breka na kupiga picha vitufe vidogo vinavyozungushwa kwa bisibisi. Kwenye breka nyingi za kisasa vitufe hivyo vimeandikwa `Ir`, `tr`, `Isd`, `tsd` na `Ii`. Viwili vya kwanza ni vya mzigo kuzidi: kwa ampia ngapi na baada ya muda gani breka ikate. Viwili vinavyofuata ni vya shoti inayovumiliwa kwa sehemu ndogo ya sekunde ili breka ndogo za chini zipate nafasi ya kukata kwanza. Cha mwisho ni cha shoti kubwa inayokatwa papo hapo. Katika kiwanda hiki `Ir` ilikutwa kwenye 1, yaani ampia 2,000 kamili, na `Isd` kwenye 10, yaani mara kumi yake, ampia 20,000. `Ii` ilikuwa imezimwa. Huo ni mpangilio wa mtu aliyechoshwa na breka kutripu, akazungusha kila kitu hadi mwisho. Hukutwa mara nyingi.

Hatua inayofuata ni kukokotoa shoti kamili, yaani mkondo ambao ungepita kama fezi zote tatu zingefungwa pamoja kwa shaba nene. Transfoma ya kVA 1,000 hutoa ampia 1,443 ikiwa na mzigo wake kamili. Zikigawanywa kwa 0.05 hupatikana karibu ampia 28,900. Gridi nayo ina impedansi yake, na ikiingizwa katika hesabu, kwa mfano huu namba inashuka hadi ampia 26,000 hivi. Hiyo ndiyo namba ambayo msanifu wa swichibodi hutumia kuchagua breka inayostahimili shoti. Msanifu huyo akiiweka kando ya mpangilio wa ampia 20,000 ataridhika: shoti ikitokea, 26,000 inazidi 20,000, breka itakata upesi.

Tao, hata hivyo, si shaba nene. Hewa inayowaka ina ukinzani wake, na kwa volti 400 ukinzani huo hula sehemu kubwa ya volti zilizopo. Mlinganyo wa 2018, kwa baa za shaba zilizosimama wima ndani ya sanduku na kuachana kwa milimita 32, unatoa mkondo wa tao wa karibu ampia 17,400. Namba hiyo iko chini ya 20,000. Breka haioni shoti. Inaona mzigo uliozidi, na mzigo uliozidi husubiriwa. Kwa mpangilio wa `tr` uliokutwa, breka ingekata baada ya zaidi ya sekunde 5.

Mlinganyo uleule unaonyesha kwamba tao hilo, kwa umbali wa milimita 610, linaangusha karibu kalori 28.5 kwa sentimita ya mraba kwa kila sekunde linalowaka. Kutoka hapo hesabu inaweza kufanywa na yeyote:

```
E = 28.5 × t
```

`E` ni nishati kwa kalori na `t` ni muda kwa sekunde. Hesabu haiendelezwi hadi sekunde 5, kwa kuwa kwa kawaida huchukuliwa kwamba mtu mwenye nafasi ya kukimbia atakuwa ameondoka, au ametupwa nje, ndani ya sekunde 2. Kwa sekunde hizo mbili jibu ni kalori 57. Orodha ya nguo za kinga katika NFPA 70E inaishia kwenye kalori 40. Dhana hiyo ya sekunde 2 ina sharti lake, na sharti hilo husahauliwa: ni lazima mtu awe na pa kukimbilia. Swichibodi iliyobanwa kwenye chumba chembamba chenye mlango mmoja, fundi akiwa amepiga magoti nyuma yake kati ya kabati na ukuta, haistahili dhana hiyo.

Kuna tahadhari nyingine ndani ya mwongozo. Mkondo wa tao hauna utulivu, na majaribio ya maabara yalitofautiana, kwa hiyo hesabu hufanywa mara mbili: mara ya kwanza kwa mkondo uliopatikana, mara ya pili kwa mkondo uliopunguzwa kidogo. Jibu kubwa ndilo linaloandikwa. Inaweza kuonekana ajabu kwamba mkondo mdogo utoe jibu kubwa, lakini ndivyo inavyokuwa pale punguzo dogo linapoushusha mkondo chini ya kiwango cha breka kukata haraka. Sekunde zilizoongezeka huwa nyingi kuliko ampia zilizopungua.

Dawa ya swichibodi hii haikuhitaji kununua chochote. `Ir` ilishushwa hadi 0.7, yaani ampia 1,400, ambazo kwa hakika ndizo zinazoilinda transfoma ya ampia 1,443 isizidiwe. `Isd` iliwekwa mara 4 ya hiyo, ampia 5,600, na `tsd` ikawekwa ili breka imalize kukata ndani ya sekunde 0.25. Ampia 17,400 zinapita kiwango hicho kwa mbali, na hata mkondo uliopunguzwa wa hesabu ya pili unapita. Nishati ikashuka kutoka kalori 57 hadi karibu 7. Kabla ya kuzungusha kitufe chochote ilibidi kuhakikisha mambo mawili: kwamba mota kubwa zikiwaka kwa pamoja hazitafikisha ampia 5,600, na kwamba breka kubwa kuliko zote za matawi, ya ampia 400, hukata papo hapo kwa ampia 4,000, ili shoti kwenye tawi moja isizime kiwanda kizima. Kushusha mpangilio bila kuangalia hilo ni kubadilisha hatari moja kwa kero ya kila siku, na kero ya kila siku ndiyo itakayomrudisha mtu na bisibisi yake.

Breka nyingine zina swichi ya matengenezo: fundi akianza kazi anaigeuza, ule muda wa kusubiri unafutwa, na breka inakata papo hapo. Kwa kiwanda hiki muda ungeshuka hadi kama sekunde 0.05, na nishati hadi kalori 1.4. Ni kinga nzuri mno kwa gharama ndogo, ilimradi swichi irudishwe kazi inapokwisha.

Mambo mawili yanabaki, na ndiyo yanayotenganisha tathmini nzuri na ya kubandika bandika. La kwanza ni kwamba breka kuu haiwezi kuilinda sehemu iliyo mbele yake. Nyaya zinazotoka kwenye transfoma zinafika kwenye vichwa vya juu vya breka hiyo, na tao likizuka hapo, breka hata ikifunguka haikati kitu, kwa kuwa umeme unatoka upande wa pili. Atakayekata ni fyuzi ya volti 11,000. Ampia 17,400 za upande wa chini zinaonekana upande wa juu kama ampia 633 tu, na kwa fyuzi ya kuilinda transfoma ya ukubwa huu hiyo si shoti ya kutisha. Kwenye mchoro wa fyuzi ya mfano huu ni suala la sekunde 1 hivi. Kalori 28.5. Kwa hiyo chumba cha breka kuu ndani ya kabati hubaki na namba kubwa hata baada ya vitufe kupangwa upya, na kama hakuna ukuta wa chuma unaokitenga na vyumba vingine, swichibodi nzima inapaswa kubeba namba hiyo, kwa sababu tao linaloanzia jirani hupenya na mvuke wa shaba hadi kwenye vichwa vya breka kuu. Wanaobandika lebo moja ya namba ndogo mlango hadi mlango hukosea hapa.

La pili ni jenereta. Gridi ikikatika, shoti kamili ya swichibodi hushuka hadi karibu ampia 4,800, kwa kuwa jenereta ya kVA 500 haina nguvu zaidi ya hapo, na mkondo wa tao unakuwa ampia 3,100 hivi. Fundi atasema kwamba sasa hatari imepungua. Tao hili kweli ni dogo, linatoa kalori 4.7 kwa sekunde badala ya 28.5. Lakini breka ya jenereta ilikuwa imewekwa kukata haraka kwa ampia 4,000, na 3,100 hazifiki. Likiwaka kwa sekunde 2 linatoa kalori 9, zaidi ya zile 7 za umeme wa gridi. Tena mkondo wa jenereta yenyewe hufifia kadiri shoti inavyoendelea, hivyo breka huzidi kutoiona. Kila njia ambayo swichibodi inaweza kulishwa ni lazima ikokotolewe peke yake, na kinachoandikwa kwenye lebo ni jibu baya kuliko yote.

Baada ya nishati hupatikana mpaka wa mmweko. Huo ni umbali ambao ukisimama hapo nishati inakuwa kalori 1.2 kamili: ndani yake mtu asiye na nguo za kinga ataungua, nje yake anaweza kupata jeraha dogo tu. Kwa swichibodi hii kabla ya marekebisho mpaka ulikuwa karibu mita 6.8, yaani nje ya chumba cha umeme na hadi koridoni wapitapo watu wasiojua lolote. Baada ya marekebisho, ikilishwa na gridi, ulikuja mita 1.9, na ikilishwa na jenereta mita 2.2. Chumba cha breka kuu, chenye kalori 28.5, kina mpaka wa mita 4.4. Nishati haipungui kwa kasi watu wanayoitarajia. Ndani ya sanduku, kuta za nyuma na za pembeni huusukuma mmweko wote mbele, kwa yule aliyefungua mlango.

Mpaka huo usichanganywe na mipaka miwili ya kukaribia umeme wenyewe, inayohusu kupigwa shoti na ambayo haitokani na hesabu ya kalori. Kwa volti 400 kati ya fezi, NFPA 70E inaweka mpaka wa nje kwenye mita 1 kutoka kwenye shaba tupu isiyosogea; asiye fundi haruhusiwi kuuvuka bila kusindikizwa na mwenye ujuzi. Mpaka wa ndani uko kwenye mita 0.3, na anayeuvuka anatakiwa kuwa na glavu za mpira za volti husika na zana zenye kihami. Mpaka wa mmweko unaweza kuwa nje ya hiyo miwili au kati yake. Swichi ya matengenezo ikigeuzwa, mpaka wa mmweko wa mfano huu hushuka hadi mita 0.68, ndani ya ule wa mita 1. Kamba ya kuzuia watu huwekwa kwenye mpaka ulio mbali zaidi, uwe upi.

Lebo hubandikwa nje ya mlango, mahali ambapo fundi ataisoma kabla ya kushika ufunguo, na nyuma ya kabati pia kama kuna mifuniko inayofunguliwa huko. NFPA 70E inataka iwe na volti za mfumo, mpaka wa mmweko, na namna ya kuchagua kinga: ama nishati pamoja na umbali wa kazi, ama daraja la nguo kutoka kwenye majedwali yake. Nishati iliyokokotolewa na daraja la jedwali haviandikwi pamoja kwenye lebo moja, kwa sababu ni njia mbili tofauti na majibu yake hayalingani. Lebo ya vyumba vya matawi vya swichibodi hii, kama vimetengwa vizuri na chumba cha breka kuu, ingesomeka hivi:

ONYO: HATARI YA MMWEKO WA TAO NA YA KUPIGWA SHOTI
Volti: 400, fezi tatu
Nishati: kalori 9.3 kwa sentimita ya mraba, kwa umbali wa milimita 610
Mpaka wa mmweko: mita 2.2
Mipaka ya kukaribia: mita 1 na mita 0.3
Chanzo kilichotumika: jenereta
Tarehe ya tathmini na namba ya ripoti

Kwa namba hiyo nguo zinazovaliwa ni zile zilizopimwa kwa tao na kuandikwa angalau kalori 10, pamoja na ngao ya uso, kitambaa cha kufunika kichwa na shingo, helmeti, miwani, vizibo vya masikio na glavu za ngozi juu ya zile za mpira. Ovaroli ya kawaida ya bluu haimo. Ikiwa ina poliesta ni mbaya kuliko kutovaa kitu juu ya ngozi, maana huyeyuka na kugandamana na nyama. Lebo ya chumba cha breka kuu yenye kalori 28.5 ingehitaji suti nzito yenye kofia iliyofunika kichwa chote, na uamuzi wa busara ni kuandika hapo kwamba mlango haufunguliwi mpaka umeme ukatwe upande wa volti 11,000.

Lebo ina mipaka yake pia. Mlinganyo wa IEEE 1584 ni wa umeme wa fezi tatu kati ya volti 208 na 15,000. Hauhusu betri wala paneli za jua. Unapima joto peke yake, si msukumo wa hewa, si vipande vya chuma vinavyoruka wala moshi wa shaba unaovutwa mapafuni. Mwelekeo wa baa nao hubadili jibu: baa zilizolala na kuelekeza ncha zake kwa fundi, kama zilivyo nyuma ya breka za kuvuta, humrushia mmweko moja kwa moja na kuongeza namba, na aliyekokotoa kwa baa za wima bila kufungua mlango kutazama atakuwa amempunja msomaji wa lebo. Tena mlango uliofungwa si ngao. Isipokuwa kabati limejengwa na kupimwa kuhimili tao la ndani, anayesimama mbele yake wakati breka inasukumwa au kuvutwa anahesabiwa kuwa ndani ya mpaka.

Namba hizi huchakaa. Transfoma ya kVA 1,000 ikibadilishwa na ya 1,600, gridi ikiimarishwa, jenereta ya pili ikiongezwa au mtu akizungusha `Isd` kurudi kwenye 10, lebo iliyo mlangoni inakuwa ya swichibodi nyingine. Kwa sababu hiyo NFPA 70E inataka tathmini ipitiwe upya kila badiliko kubwa linapofanyika, na kwa vyovyote isikae zaidi ya miaka 5. Ukaguzi mdogo unaowezekana kila mwezi ni kulinganisha vitufe vya breka na picha zilizo kwenye ripoti, kazi ya dakika chache isiyohitaji kufungua shaba yoyote. Hesabu nzima pia imesimama juu ya dhana kwamba breka itakata kwa muda ulioandikwa kwenye mchoro wake. Breka ambayo haijajaribiwa kwa miaka na grisi yake imekauka inaweza kuchelewa, na kila nusu sekunde ya kuchelewa kwenye swichibodi ya mfano huu ni kalori 14.

Njia pekee ya kuifanya namba kuwa sifuri ni kukata umeme, kufunga kwa kufuli na kuhakikisha kwa testa kwamba fezi zote zimekufa. Kupima huko kunafanywa mlango ukiwa wazi na umeme ukihesabiwa kuwa bado upo, kwa hiyo kunafanywa fundi akiwa amevaa suti iliyotajwa kwenye lebo. Anaweza kuivua testa ikishaonyesha sifuri kwenye kila fezi na kujaribiwa tena kwenye chanzo kinachojulikana kuwa na umeme.